Hela ya kiwanja: akaunti kwanza, kutuma baadaye

Ukinunua kiwanja Dar es Salaam unakutana na watu watatu: anayekuonyesha kiwanja, mwenye jina kwenye hati, na mwenye akaunti inayopokea hela. Wengi wanafikiri huyo ni mtu mmoja, na wezi wanaishi kwenye hiyo dhana. Kazi yangu kabla ya kutoa shilingi ni kuhakikisha wa pili na wa tatu ni mtu mmoja. Wa kwanza ni dalali, huyo nitamlipa udalali wake, basi.

Mimi ni mhasibu. Ofisini kwetu muuzaji mpya halipwi mpaka akaunti yake ihakikiwe kwa barua ya benki, kisha apigiwe simu kwa namba tuliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyokuja pamoja na akaunti. Utaratibu huo nimeuhamishia kwenye viwanja, vyangu na vya ndugu ambao hunipa nisimamie. Nitaeleza ununuzi mmoja, wa kiwanja cha Kigamboni cha mita za mraba 600, bei shilingi milioni 36, kwa sababu karibu kila kitu kinachoweza kutokea kwenye malipo kilijitokeza pale.

Dalali alileta kopi ya hati kwenye simu. Kopi haithibitishi umiliki, ila ina namba tatu ninazozihitaji: namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu chake. Nikazipeleka ofisi ya ardhi ya mkoa nikaomba upekuzi rasmi, yaani ile sechi, nikalipia kwa kumbukumbu namba, nikangoja majibu ya maandishi. Majibu yalikuwa mazuri: mmiliki ni mzee mwenye majina matatu, hakuna rehani ya benki, hakuna zuio la mahakama wala kaveti, yaani pingamizi la ndugu. Kulikuwa na dosari moja, deni la pango la ardhi la miaka kadhaa. Hilo halikunitisha. Nilikubaliana na mzee likatwe kwenye bei, na hiyo milioni 36 ndiyo iliyobaki baada ya kulikata, nikalilipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba ya serikali. Ukiingiza namba hiyo kwenye simu au programu ya benki inakuonyesha unalipa taasisi gani na kiasi gani kabla hujabonyeza. Kwa hiyo sehemu ile ya hela haikupita mkononi mwa mtu yeyote.

Kuhusu uwanjani sitakaa sana. Tulikwenda na mpima, bikoni zikaonekana, majirani wakahojiwa bila dalali kuwapo. Mwenyekiti wa mtaa alitusaidia kuwajua hao majirani, na ndipo kazi yake inapoishia. Muhuri wa mtaa haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Nimeona watu wakilipa mamilioni kwa sababu tu karatasi ilikuwa na muhuri wa bluu.

Mzee nilimfuata nyumbani kwake. Nilikataa kukutana naye kwenye mgahawa ambao dalali alikuwa ameupanga. Nyumbani kwa mtu unaona mambo mengi: majirani wanamwitaje, watoto wanamsalimiaje, picha za ukutani ni za nani. Nilimkuta yeye, mkewe na kijana wao mkubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukanywa chai kwanza. Baada ya chai alitoa hati halisi kutoka kwenye bahasha ya kaki na kitambulisho chake cha NIDA. Mama naye nilimwuliza moja kwa moja kama anajua kiwanja kinauzwa na kwa bei gani, maana ridhaa ya mwenzi lazima isainiwe, na mwenzi asiyejua bei leo ndiye mwenye kesi kesho. Alijua mpaka ile laki moja niliyokuwa nimeipunguza kwa ubishi.

Hapo ndipo nikauliza swali ambalo wengi huliacha hadi siku ya kulipa.

"Mzee wangu, hela tutaingiza kwenye akaunti gani?"

Dalali akadakia: "Tumia ya kijana wake, mzee mambo ya benki yanamchosha."

Nikasema kwa upole kwamba kijana namheshimu, lakini jina kwenye hati ni la baba yake, na hela ya mzee iingie kwa mzee. Akishaipokea, kumpa kijana ni hiari yake. Sikuwa namshuku yule kijana. Shida ni kwamba kesho mzee akifariki, Mungu ampe uhai, warithi wengine wana haki ya kuuliza baba yao alilipwa lini na wapi, na jibu langu lisiwe "muulizeni kaka yenu". Risiti inayoonyesha hela imeingia kwa mtu asiye mmiliki ni risiti ya kumlipa mtu mwingine. Mzee alicheka, akasema anayo akaunti ya pensheni na haimchoshi hata kidogo.

Akaunti ya pensheni niliipenda. Inaingiza hela kila mwezi, kwa hiyo haijalala. Akaunti iliyolala bila kutumika kwa muda mrefu inaweza kukwamisha malipo yako mpaka mwenyewe aende tawini kuifufua, na wewe huku hujui hela imefika au imeelea. Akaunti iliyofunguliwa wiki hii hii kwa ajili ya mauzo nayo huniongezea maswali. Siikatai, ila nataka kujua kwa nini.

Tatizo likawa majina. Hati inasema Saidi, na majina matatu. NIDA inasema Said, bila ile "i", majina matatu. Benki ina Said na jina la ukoo tu, la katikati halipo. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo dogo, na kweli kwa wazee wetu ni jambo la kila siku, kwa sababu kila karani aliandika alivyosikia. Lakini mtu anayeuza kiwanja cha mwenzake naye hutafuta hasa jina linalokaribiana. Ukiizoea tofauti ya herufi moja ukaiita "ni yaleyale", umemfungulia mlango. Wakili wangu aliandaa hati ya kiapo ambayo mzee aliapa kwamba majina hayo yote ni yake, ikataja namba ya hati, namba ya NIDA na namba ya akaunti mle mle. Kiapo kisichotaja namba kingetusaidia nini? Kina Said wenye jina lile la ukoo wako wengi.

Na huyo wakili nilimtafuta mwenyewe, hakuletwa na dalali. Jina lake nililiangalia kwenye mfumo wa mawakili wa Mahakama mtandaoni, ambao unaonyesha kama mtu yumo kwenye orodha na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Ni jambo la muda mfupi. Kuna watu wana ofisi, meza, mihuri na bango la wakili, na kwenye orodha hawamo.

Sasa akaunti yenyewe. Nilimwomba mzee twende tawini kwake. Kuna sababu ya kwenda naye badala ya kwenda peke yangu au kupokea barua mkononi. Benki hainiambii mimi habari za akaunti ya mtu mwingine, na inafanya vizuri. Barua ya benki nayo naweza kuletewa ya kughushi, kwani nembo na muhuri siku hizi hutengenezwa kwenye duka la picha. Lakini mwenye akaunti akisimama dirishani mwenyewe, akatoa kitambulisho, akaomba barua inayoonyesha jina, namba na tawi la akaunti yake, na yule dada wa benki akaangalia kitambulisho, akaangalia sura, akaangalia kioo cha kompyuta kisha akaichapa, hapo nimeona benki yenyewe ikimtambua mtu wangu. Mimi nilikaa kwenye viti vya wateja, hatua chache nyuma. Mzee alirudi na karatasi yenye muhuri ikiwa bado ina joto la mashine.

Palepale kwenye viti nilifungua programu ya benki yangu, nikachagua benki yake, nikaingiza namba ya akaunti kutoka kwenye ile karatasi. Malipo yanayopita kwenye TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha benki na kampuni za simu, hukuletea jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Likaja jina lake kwa herufi kubwa. Hapo inabidi kulisoma jina lote, maana kuna programu zinazokata jina likiwa refu, au kuficha baadhi ya herufi kwa nyota, na mtu aliyechoka husoma neno la kwanza akaridhika. Nikamtumia shilingi elfu kumi, na kwenye sehemu ya maelezo nikaandika KIWANJA JARIBIO. Simu yake ikalia. Nikamwomba anisomee ujumbe, akausoma pamoja na maelezo yangu.

Watu wengi hujua hii ya kutuma hela kidogo ya majaribio, ila huiamini kupita uwezo wake. Inathibitisha kwamba namba ni sahihi na akaunti iko hai. Haithibitishi kwamba akaunti ni ya mwenye kiwanja, kwa sababu hata tapeli ana akaunti iliyo hai na atakujibu "imefika" kwa furaha. Ndiyo maana jaribio lilikuja baada ya barua, mzee akiwa kando yangu na simu mkononi mwake.

Baada ya hapo akaunti iliingia kwenye mkataba. Nilimwambia wakili sitaki maneno ya jumla kama "mnunuzi atamlipa muuzaji kupitia benki". Kifungu kikaandikwa hivi: "Malipo yote yatafanywa kwenye akaunti iliyotajwa hapa na si kwingineko. Mabadiliko yoyote ya akaunti hayatakuwa na nguvu isipokuwa kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili mbele ya wakili." Chini yake benki, tawi, jina kama lilivyo kwenye barua, namba ya akaunti, na namba za simu za mzee na mama. Wakili aliona nazidisha. Hakuona hivyo wiki iliyofuata.

Bei tuliigawa. Milioni 10 siku ya kusaini mkataba, milioni 22 siku ambayo mzee na mama watasaini fomu za uhamisho na hati halisi kubaki kwa wakili, na milioni 4 zinabaki mpaka kodi ya muuzaji ilipwe TRA na idhini ya uhamisho itoke. Ile ya mwisho ndiyo inayowashughulisha wauzaji, wanaona kama hujawaamini. Nilimweleza mzee waziwazi: kodi ya ongezeko la mtaji ni yako, bila kulipwa jina halihami, na nikikupa zote leo utakuwa na hela mkononi na mimi nina karatasi ambazo haziendi mbele. Alinielewa haraka kuliko dalali, ambaye alitaka udalali wake utokane na malipo yote mara moja.

Awamu ya kwanza ilipita salama. Jioni kabla ya ile ya milioni 22 ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya dalali. Adabu tele, salamu kwanza, kisha: akaunti ya mzee ina tatizo, benki inaifanyia uhakiki, kesho hela itakwama, kwa hiyo tumia hii nyingine ya benki hiyo hiyo, mzee amekubali, fanya asubuhi mapema ili uwahi wengine wasiingie. Na mwisho: "Usimpigie, yuko msibani."

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Tunaucheka kwa sababu unatumwa ovyo kwa mtu asiyedaiwa hela yoyote. Huu wa kwangu ulikuwa mtoto wa baba mmoja na ule, ila umesomeshwa: ulijua kuna kiwanja, ulijua kuna mzee, ulijua kesho nalipa. Hilo ndilo linalowaangusha watu wenye akili zao. Ukiona mtu anajua mambo yako ya ndani unadhani basi ni yeye.

Sikuujibu. Nikampigia mzee kwa namba iliyo kwenye mkataba. Hakuwa kwenye msiba wowote, alikuwa anaangalia taarifa ya habari. Akaunti yake haikuwa na shida, pensheni ilikuwa imeingia siku hizo hizo. Kisha, kwa udadisi wa kazi yangu, nikaingiza ile namba mpya kwenye programu ya benki nikaishia hatua ya jina. Likaja jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua, si mzee, si mama, si kijana. Nikafuta. Hatua hiyo haigharimu kitu, na unaweza kuifanyia akaunti yoyote unayotumiwa: ingiza, soma jina, toka bila kutuma.

Dalali nilimpigia kwa simu ya kawaida. Hakuwa na habari. Siku moja kabla alikuwa amepigiwa na mtu anayejifanya wa kampuni ya simu, akaombwa amsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, akazisoma. Zilikuwa za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine, na yule aliyeichukua akawa anaona makundi aliyomo na kila ujumbe mpya ulioingia kutoka kwa wateja wake, mimi nikiwamo. Au ndivyo alivyonieleza. Sina njia ya kujua kama naye hakushiriki, na uzuri wa utaratibu ule ni kwamba sikuhitaji kujua. Akaunti ya kwenye mkataba haikuwa na njia ya kubadilika kwa ujumbe wake, awe mwizi au awe ameibiwa. Ujumbe wa namna hii ukija kwa njia ya kawaida ya simu, namba ya tapeli hutumwa 15040, ile ya TCRA. Huu wa WhatsApp niliupeleka benki yangu pamoja na ile namba ya akaunti, wakaipokea.

Asubuhi tulikutana kwa wakili. Mzee na mama walisaini fomu za uhamisho na ridhaa, wakabandika picha, wakaweka dole gumba, hati halisi ikaingia kwenye kabati la wakili na mimi nikapewa barua ya kukiri kuipokea. Kisha mimi na mzee tukaenda benki yangu. Kiasi kile sikitumi kwa simu, na hata ningeweza nisingependa. Nilijaza fomu ya TISS, ule mfumo unaohamisha hela papo kwa papo kati ya benki na benki kupitia Benki Kuu. Ubora wa TISS ndio ubaya wake pia: ikishakamilika imekwisha, hairudishwi kwa kubonyeza. Na usitegemee kwamba namba ikiwa na kosa, jina ndilo litakalokuokoa. Kuna benki italinganisha na kurudisha, kuna siku mashine itafuata namba tu. Mimi hukichukulia kila kitu kana kwamba namba peke yake ndiyo inayosomwa.

Kwa hiyo tulisoma namba kwa sauti. Mimi nashika fomu, mzee anashika mkataba, tarakimu mbili mbili, yeye anataja na mimi naweka nukta ya kalamu juu yake. Tarakimu zilizorudiwa ndizo hatari, sifuri tatu mfululizo huwa mbili mtu akiwa na haraka. Kisha kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kwenye sababu ya malipo sikuandika "malipo" tu, niliandika awamu ya pili ya kiwanja na namba za kiwanja na kitalu. Ofisa wa benki aliomba kuona mkataba na kuniuliza hela ilikotoka. Kuna wanaochukia swali hilo. Mimi hutembea na mkataba na taarifa ya akaunti, nikampa, tukamaliza. Tulikuwa pale kabla ya saa sita mchana kwa makusudi, ili kama kuna kasoro ijulikane ofisi zote zikiwa wazi. Ijumaa jioni sitoi hela kubwa hata kwa ndugu yangu.

Nilipewa nakala yenye namba ya kumbukumbu ya muamala. Ujumbe wa kuingia hela ulimfikia mzee tukiwa bado tunakunywa soda ng'ambo ya barabara. Hatukuishia kwenye ujumbe, maana ujumbe wa benki wa kughushi upo, na hilo ni la kumlinda yeye zaidi kuliko mimi. Tukapita tawini kwake, akachapishiwa taarifa fupi ya akaunti, milioni 22 zikaonekana na maelezo yangu. Ndipo akasaini hati ya mapokezi kwa wakili.

Kwenye magari mambo ni yale yale, ila mwizi amehamia kwenye barua pepe. Binamu yangu aliagiza gari Japani, ankara ikaja kwa barua pepe ikiwa na akaunti ya kampuni. Siku mbili baadaye ikaja nyingine, inafanana kwa nembo, picha ya gari, namba ya fremu na bei, isipokuwa akaunti sasa ilikuwa ya nchi nyingine kabisa na jina la mpokeaji halikuwa la kampuni. Anwani ya barua pepe ilitofautiana na ya kwanza kwa herufi moja. Nilimwambia asijibu ile barua, afungue tovuti ya kampuni kwa kuiandika mwenyewe, achukue namba ya simu ya pale, apige. Kampuni ikasema akaunti yake haijabadilika. Kwa gari lililoko hapa hapa, badala ya sechi ya ardhi unahakiki usajili TRA: jina la mmiliki kwenye kadi, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, na kama gari halijawekwa dhamana ya mkopo. Hela inaingia kwa jina lililo kwenye kadi. Muuzaji akisema kadi bado ina jina la mwenye gari wa awali, basi huyo wa awali aje asaini na apokee, au wamalize wao kwanza kubadili jina.

Ikitokea umeshatuma na ukagundua kasoro, dakika ndizo mali. Piga benki yako kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, taja namba ya kumbukumbu ya muamala, omba waiandikie benki iliyopokea izuie hela hiyo. Halafu polisi uchukue RB, kisha urudi benki na RB. Benki iliyopokea haiwezi kukurudishia hivi hivi hela iliyo kwenye akaunti ya mteja wake. Inahitaji ridhaa ya mteja huyo au amri ya mahakama, na hiyo ni kama hela bado ipo. Nimewasindikiza watu wawili kwenye njia hiyo. Aliyepata kitu ni yule aliyefika benki kabla ya kufunga siku ile ile, na hakupata zote.

Kiwanja cha Kigamboni kodi ya mzee ilichukua muda, tukangoja. Idhini ilipotoka nilimtumia milioni 4 zake kwenye akaunti ile ile, na nilipofika hatua ya jina nililisoma lote kana kwamba sijawahi kuliona. Ikabaki hela ya dalali. Alinitumia namba ya simu, nikaingiza, likaja jina la mwanamke. Nikampigia. Akasema ni mke wake, simu yake imejaa. Nikamwambia nitangoja aipunguze, au aje ofisini achukue taslimu na asaini. Alikuja, akasaini, akahesabu noti mara mbili mbele yangu.